Nani Alipakia Mifuko 40?

"Le magasinier a mis 40 sacs." Kisarufi, sentensi hii ya Kifaransa haina kosa. Mtunza ghala "aliweka" mifuko 40, na mwalimu angeipitisha bila kugusa kalamu nyekundu. Lakini tuseme imo katika ripoti ya ghala la saruji la Lubumbashi, na lori limefika Kolwezi likiwa na mifuko 37. Mitatu iliyopungua ailipe nani?

Hapo ndipo "mettre" inapozua ugomvi. Kama mtunza ghala alipakia mifuko 40 kwenye lori, Kifaransa kina "charger", na swali linamgeukia msafirishaji: mitatu imepotelea njiani. Kama aliandika 40 kwenye hati ya mzigo, yaani "bordereau", kitenzi ni "inscrire", na huenda lori liliondoka na 37 tangu mwanzo. Kama aliihifadhi tu ghalani ikisubiri lori, ni "entreposer", na hatujaambiwa lolote kuhusu kilichopakiwa. "Mettre" inameza yote matatu, na kila anayesoma ripoti atachagua maana inayomfaa yeye.

Wanaoandika Kifaransa cha ofisini katika ukanda wetu ni wengi: Goma, Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, na hata mawakala wa Dar es Salaam wanaoshughulikia shehena za Kongo zinazopita bandarini. Wengi walikijua Kifaransa kwanza kwa kukisikia, na Kifaransa cha mdomoni kinaelea juu ya "faire", "mettre" na "chose". Hilo si dosari. Anayezungumza ana mkono wa kuonyeshea na msikilizaji wa kumuuliza "unamaanisha nini?" Ripoti haina mkono, na huenda ikasomwa miezi sita baadaye na mwanasheria ambaye hakuwapo.

Kosa la kwanza la anayetaka kujirekebisha ni kufungua kamusi ya visawe na kutafuta "faire". Atakuta orodha ndefu isiyomsaidia, kwa sababu "faire" peke yake haina kisawe. Kinachoamua ni nomino inayoifuata. Mswahili analielewa hili bila kufundishwa: rufaa hukatwa, hotuba hutolewa, mkataba hufungwa, saini hutiwa. Kifaransa kina mazoea yake ya namna hiyo hiyo. Kosa linakuwa "commettre une erreur", orodha "dresser une liste", uchunguzi "mener une enquête", deni "contracter une dette", hasara "subir une perte". Kwa hiyo katika kamusi tafuta nomino. Fungua "erreur", soma mifano, na kitenzi chake utakikuta kimekaa pembeni yake. Le Robert wana hata kamusi nzima ya maneno yanayoandamana, iliyopangwa hivyo hivyo kwa kufuata nomino.

Mara nyingi, hata hivyo, kitenzi kipya hakihitajiki. "Faire une vérification" ni "vérifier" tu, na "faire l'achat de" ni "acheter". Kitendo kilikuwa kimejificha ndani ya nomino. Kitoe, na sentensi inapungua maneno mawili au matatu.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Waliokwisha kuambiwa kwamba "faire" ni neno la mtaani hukimbilia "effectuer", "réaliser" na "procéder à", wakazimwaga kila mahali. "Nous avons procédé à la réalisation d'une vérification" ina tai shingoni, lakini haisemi zaidi ya "nous avons vérifié". "Effectuer" ina kazi zake halali: malipo huwa "effectuer un paiement". Ikishatumika kwa malipo, mkutano, barua na safari katika ukurasa mmoja, imekuwa "faire" nyingine, ndefu zaidi.

"Chose" ni kisa tofauti kidogo. "Mettre" huficha kitendo. "Chose" huficha kitu chenyewe, na ndugu yake "problème" hufanya vivyo hivyo. Angalia aya hii, ya aina inayoandikwa kila siku:

"Le 12 mars, nous avons fait une réunion avec le transporteur. On a parlé des choses qui manquent. Il a dit qu'il y avait eu un problème en route. Nous avons fait une lettre et mis les photos dedans."

Yaani: tulifanya mkutano na msafirishaji, tukazungumzia vitu vilivyopungua, akasema kulikuwa na tatizo njiani, tukafanya barua na kuweka picha ndani. Ukianza kuisahihisha utagundua kwamba huwezi, mpaka umuulize aliyeiandika. Tatizo gani? Tuseme anajibu kwamba lori liliharibika na mzigo ukahamishiwa lori lingine. Barua "ilifanywa" maana yake iliandikwa, au ilitumwa? Anajibu kwamba ilitumwa siku iliyofuata. Sasa inawezekana:

"Le 12 mars, nous avons rencontré le transporteur au sujet des 3 sacs manquants. Il a déclaré que son camion était tombé en panne et que le chargement avait été transféré dans un autre véhicule. Le 13 mars, nous lui avons adressé une réclamation, à laquelle nous avons joint les photos."

"Adresser" inasema barua ilielekezwa kwa nani, "réclamation" inasema ni barua ya madai, na "joindre" inasema picha ziliambatishwa. "A déclaré" badala ya "a dit" inaweka wazi kwamba haya ni maelezo ya msafirishaji, wala sisi hatuyathibitishi. Na kile kisa cha kuhamisha mzigo, ambacho huenda ndicho kilichoipoteza mifuko, kilikuwa kimelala ndani ya neno "problème".

Lakini usifagie kila kitu. "Mettre en demeure", kumtaka mdaiwa rasmi atimize wajibu wake, ni istilahi ya sheria, ukiipamba unaiharibu. "Faire foi", kuwa ushahidi unaokubalika, iache ilivyo. Katika sheria ya mauzo "la chose vendue" ndiyo jina halisi la kitu kilichouzwa, na hukumu iliyokwisha kutolewa ni "chose jugée". Mtego mkubwa zaidi ni "faire" inayofuatwa na kitenzi kingine. "Nous avons fait réparer le camion" maana yake tulimpa mtu alitengeneze. Ukiifuta "faire" ukaandika "nous avons réparé le camion", umedai kwamba mlilitengeneza wenyewe, na ankara ya fundi iliyoambatishwa itakukanusha.

Katika kompyuta, bonyeza `Ctrl+F` na utafute vipande badala ya maneno kamili. `fai` hunasa "faire", "fait" na "faisons". `met` na `mis` hunasa sehemu kubwa ya "mettre". "Font" na "ferons" hutoroka, hizo zitafute peke yake. Utanasa pia visivyohusika, kama "en fait" na "commission", vipite. Pale unapokosa kitenzi cha kuweka badala yake, usihangaike na kamusi: mpigie simu aliyekuwapo ghalani.