Ngozi Nyeusi, Jua, na Doa la Unyayoni

Weusi wa ngozi hutoka kwa melanini, rangi inayotengenezwa na seli maalumu zilizopangana chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi. Mweusi na mweupe wote wana seli hizi, tena kwa idadi inayokaribiana. Wanachotofautiana ni vifuko vinavyobeba rangi hiyo. Katika ngozi nyeusi vifuko ni vikubwa, kila kimoja kimekaa peke yake, na vingi hujikusanya juu ya kiini cha seli kama kofia ya ukili kichwani mwa mkulima. Mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho, hukutana na kofia hiyo kabla ya kufika kwenye vinasaba vilivyo ndani ya kiini. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua huanza pale vinasaba hivyo vinapoharibika na seli ikashindwa kuvirekebisha.

Mwaka 1979 watafiti walipima ni kiasi gani cha mionzi mikali hupenya tabaka la juu la ngozi. Kwa ngozi nyeupe ilipenya takriban asilimia 29. Kwa ngozi nyeusi, zaidi kidogo ya asilimia 7. Kwa lugha ya namba zinazoandikwa kwenye chupa za losheni ya jua, ngozi nyeusi ina kinga ya 13 hivi na nyeupe ina kinga ya 3. Pengo hilo ni kubwa, na ndiyo sababu wavuvi wa Bagamoyo hawaugui saratani ya jua kama wanavyougua wakulima wa Australia. Lakini losheni ambayo madaktari wa ngozi huipendekeza huanzia 30. Kinga ya kuzaliwa nayo haifiki nusu ya hapo, na asilimia 7 ya jua la Ikweta, siku baada ya siku kwa miaka 50, si kitu kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge kipimo cha mionzi kinapofika 3. Dar es Salaam au Mombasa, adhuhuri ya siku isiyo na mawingu, kipimo hicho huvuka 11.

Kwa mtu mweusi hasara ya kwanza ya jua huonekana usoni: madoa ya kahawia au meusi mashavuni na kwenye paji la uso, hasa kwa wanawake wajawazito na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Madoa haya huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao losheni nyingi hazizuii. Losheni iliyotiwa rangi ya udongo, yaani yenye oksidi ya chuma, huuzuia, na pia haiachi ule weupe wa majivu unaowafanya wengi waitupe chupa baada ya siku mbili.

Jicho halina ulinzi wa ngozi. Utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho hupigwa na jua moja kwa moja, na Afrika Mashariki ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya utando huo huonekana sana, hata kwa vijana. Uchunguzi uliofanywa Uganda uliihusisha na muda mrefu wa kukaa juani, na wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamo hatarini zaidi. Huanza kama kinyama cheupe au chekundu pembeni mwa mboni, na wengi hukidhania uvimbe wa vumbi na moshi wa kuni. Kinyama kinachokua, au kilichokatwa kikarudi, hupimwa maabara. Matone ya dukani hayakiondoi.

Kuna pia watu wanaojivua kinga yao kwa mikono yao. Mkorogo wenye haidrokwinoni au zebaki huzuia seli kutengeneza melanini, na aliyejichubua miaka mingi hubaki na ngozi ya mtu mweupe chini ya jua la mtu mweusi. Afrika Magharibi madaktari wameshaandika habari za wanawake wa aina hiyo waliopata saratani shingoni na usoni. Dawa nazo zina sehemu yake: doksisaiklini na septrini huweza kuifanya ngozi iungue kwa jua ambalo jana lilivumilika.

Watu wenye ualbino wako mbali kabisa na haya. Wao hawana melanini ya kutosha tangu kuzaliwa, na bila kinga saratani huweza kuwaanza wangali vijana. Kwa ajili yao mjini Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun. Kwao losheni, nguo za mikono mirefu na pama ni lazima ya kila siku. Mtu mweusi wa kawaida hutosheka na pama, kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, miwani ya jua, na losheni usoni, iliyokamuliwa mistari miwili kwenye vidole viwili na kurudiwa kila baada ya saa mbili akiwa nje.

Hadi hapo jua ndilo mshitakiwa. Saratani ya ngozi iliyo hatari kuliko zote kwa watu weusi, hata hivyo, haijali kofia wala losheni, maana hutokea mahali jua halifiki. Jina lake ni melanoma, na huzaliwa katika zilezile seli zinazotengeneza melanini. Kwa watu weupe huota mgongoni, miguuni na usoni, na jua lina mkono mkubwa ndani yake. Kwa watu weusi zaidi ya nusu hutokea unyayoni, kiganjani au chini ya kucha. Aina hii ilipewa jina lake la kitabibu mwaka 1976. Chanzo chake hakijajulikana vizuri. Watafiti wameona tu kwamba unyayoni huota zaidi kisiginoni na sehemu nyingine zinazobeba uzito wa mwili.

Mgonjwa wake anayejulikana kuliko wote ni Bob Marley. Mwaka 1977 kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilikuwa na kidonda kilichohusishwa na kuumia katika mpira wa miguu, mchezo alioupenda karibu sawa na muziki. Kidonda hakikupona. Kilipopimwa kilikuwa melanoma chini ya kucha. Madaktari walishauri kidole kikatwe. Yeye, kwa imani yake ya Rastafari, hakukubali mwili ukatwe kiungo. Aliondolewa ukucha pamoja na nyama ya chini yake, akabandikwa ngozi iliyotolewa pajani, akarudi jukwaani. Aprili 1980 aliimba katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba mwaka uleule alianguka akikimbia mazoezi New York, na vipimo vikaonyesha saratani imefika kwenye ubongo. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Mpira haukuthibitika kuwa chanzo; kilicho wazi ni kwamba jeraha la uwanjani lilitoa maelezo mepesi ya kidonda, na maelezo mepesi ndiyo yanayowachelewesha wagonjwa wengi wa ugonjwa huu.

Ugumu ni kwamba ngozi nyeusi ina alama nyingi zisizo na neno. Mistari ya kahawia inayopita kwenye kucha kutoka shinani hadi nchani ni ya kawaida kwa watu weusi, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa na haibadiliki. Wa kutiliwa shaka ni mstari mmoja ulio peke yake, aghalabu kwenye dole gumba la mkono au la mguu, uliojitokeza ukubwani, wenye upana unaozidi milimita 3, mweusi huku na kahawia kule, na unaopanuka kadiri miezi inavyopita. Weusi ukitoka kwenye ukucha na kumwagikia ngozi inayouzunguka, hiyo ni dalili nzito, na daktari hapaswi kuambiwa mara mbili.

Damu iliyovia chini ya ukucha baada ya kujikwaa hutofautishwa kwa subira kidogo. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, wa mguu kama milimita 1. Damu husogea mbele pamoja na ukucha na kuacha sehemu safi shinani. Mtu akikwaruza alama ndogo kwenye ukucha mahali doa linapoanzia, au akipiga picha kwa simu, baada ya mwezi au miwili atajua. Doa lisilosogea, au mstari unaoendelea kuzaliwa shinani, si damu.

Unyayoni na kiganjani dalili ni doa lenye kingo zisizo sawa na rangi zilizochanganyika, linalotambaa polepole kama wino kwenye karatasi. Hata hivyo baadhi ya melanoma za unyayo hazina weusi wowote. Huonekana kama chunjua, sugu, au kidonda chekundu kinachovuja damu, na hapo mgonjwa huchongwa sugu au kufungwa kidonda mwaka mzima. Kidonda cha unyayo kisichofunga kwa wiki nne, mgonjwa akiwa hana kisukari wala ganzi ya miguu, kinahitaji kipande chake kikatwe na kuangaliwa kwa hadubini. Hakuna njia nyingine ya kuthibitisha, na si kweli kwamba kukikata ndiko kunakosambaza saratani.

Kinachopimwa katika kipande hicho ni kina. Melanoma iliyozama chini ya milimita 1 hukatwa, na wagonjwa wengi sana hupona. Iliyozama milimita 4 huenda imeshatuma seli zake kwenye tezi za mtoki, na uvimbe wa kinena kwa mtu mwenye kidonda sugu mguuni huenda ukawa habari ya pili ya ugonjwa uleule. Marekani, wagonjwa weupe kama 94 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa; weusi ni kama 70. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kuchelewa.

Mahali pengine pa kuficha saratani ni kovu. Kovu pana la moto, au kidonda ndugu kilichofunguka na kufungwa kwa miaka, huweza kugeuka saratani ya aina nyingine, mara nyingi miaka 20 au 30 baada ya kuungua. Kingo huinuka kama mdomo wa chungu, nyama laini huota katikati, hunuka na kutoka damu hata ikiguswa kidogo. Mgonjwa aliyezoea kidonda chake ndiye wa mwisho kutambua kwamba kimebadilika.

Miguu basi hukaguliwa mara moja kwa mwezi, mchana, ikiwa imeoshwa: kisigino, upinde wa wayo, kati ya vidole, kisha kucha moja moja. Asiyeweza kuinama hutumia kioo au macho ya mwenzake. Pwani, ambako bibi harusi hupakwa hina na piko hadi nyayoni na kucha za wengi hazikosi rangi, ukaguzi husubiri vipambo vifutike, kwa sababu chini ya piko doa jeusi halionekani kabisa.