Folda Inapogeuka Seva

Tuseme mwalimu ana video ya somo yenye megabaiti 600 kwenye laptopu yake, na wanafunzi kumi wenye simu wanaitaka. Akiituma kwa intaneti, ataipakia kwa bando lake, kisha kila mwanafunzi aipakue kwa bando lake mwenyewe. Video itasafiri hadi kwenye seva za mbali na kurudi mara kumi katika chumba kilekile ilimotoka. Lakini ikiwa darasani kuna ruta ya waifai, hata isiyolipiwa intaneti, laptopu yenyewe inaweza kuwa seva.

Kinachohitajika ni Python, lugha ya programu ambayo ni ya bure na mara nyingi huwa tayari imo kwenye kompyuta za Linux. Ndani yake mna seva ndogo ya wavuti inayowashwa kwa amri moja. Mwalimu anaiweka video kwenye folda mpya, aiite masomo, anafungua dirisha la amri na kuingia humo:

```
cd masomo
python3 -m http.server 8000
```

Kwenye Windows, `py` huchukua nafasi ya `python3`. Namba 8000 ni mlango ambao seva inasikilizia. Tangu hapo chochote kilichomo ndani ya folda ile kinapatikana kwa kifaa chochote kwenye mtandao uleule.

Simu sasa zinahitaji anwani ya laptopu. Kwenye Windows hupatikana kwa kuandika `ipconfig` katika dirisha jingine la amri, na kwenye Linux kwa `hostname -I`. Ikitoka 192.168.1.20, wanafunzi wanaandika hivi kwenye kivinjari:

```
http://192.168.1.20:8000
```

Orodha ya faili inajitokeza, wanashikilia kidole kwenye jina la video, wanachagua kupakua, na upakuaji unaanza. Kwenye laptopu, kila ombi linaandikwa mstari wake, pamoja na anwani ya simu iliyoomba. Mistari hiyo ndiyo shahidi wa kwanza kuulizwa mambo yakikwama.

Mwanafunzi akilalamika kwamba ukurasa haufunguki, na hakuna mstari wowote uliojitokeza, basi ombi lake halijafika kabisa. Mara nyingi kizuizi ni ulinzi wa Windows, ambao huuliza kwa kidirisha kama Python iruhusiwe kwenye mtandao. Aliyebofya kukataa ameufunga mlango mwenyewe. Wakati mwingine simu imegundua kwamba waifai haina intaneti, ikahamia kwenye data ya kampuni ya simu kimyakimya. Hapo data izimwe kwanza. Waifai za hoteli na za wageni nazo huwa na tabia ya kuzuia vifaa visionane, na huko dawa ni kutafuta mtandao mwingine tu.

Mstari ukijitokeza wenye namba 400 na herufi zisizosomeka, tatizo ni jingine: kivinjari kimejaribu `https`, nayo seva hii inajua `http` tupu. Namba 404 maana yake faili iliyoombwa haimo.

Kasi nayo ina hesabu yake. Ruta ikipitisha megabiti 40 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 5, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Simu moja ingemaliza video ile kwa dakika mbili. Zote kumi zikianza pamoja zinagawana njia hiyohiyo, na kazi nzima inachukua kama dakika ishirini. Tena seva hii, katika matoleo yanayotumika kwa wingi, haijui kuendeleza upakuaji uliokatika: simu iliyopoteza waifai kwenye megabaiti ya 550 huanza upya. Kwa hiyo video ndefu ni afadhali ikatwe vipande.

Jambo la kuogopa hasa ni folda yenyewe. Seva haiombi nywila, haifichi data inayopita hewani, na huonyesha pia folda zote zilizomo ndani ya ile iliyochaguliwa. Aliyesahau kuandika `cd masomo` anaweza kuwa ameianika folda yake nzima ya nyumbani, yenye picha, barua za kazi na hata funguo za siri za programu zake. Watengenezaji wa Python wenyewe wanaonya kwamba seva hii haifai kwa huduma ya kudumu. Kwenye waifai ya mgahawa isiwashwe kabisa.

Kabla ya kutangaza anwani, mwalimu aifungue kwanza kwenye kivinjari chake na kuisoma orodha yote. Darasa likimaliza, abonyeze Ctrl na C kwenye dirisha la amri. Seva huzimika papo hapo, na anwani ile haifungui tena kitu.