Juu ya nini degre 45 haishindi ku kiwanja?



Wanafunzi wa darasa la tano wametuletea swali lililoleta mabishano kati yao. Ku tabulo wamejifunza kwamba kitu kinachotupwa kinaenda mbali zaidi kikitoka kwa pembe ya degre 45. Lakini ku kiwanja wamoja wanasema: "Hapana, kipa wetu anapiga chini ya hapo, na mupira wake unapita wa wengine bote." Basi wengine wameanza kusema fizike ni ya kitabu tu, haiko ya dunia hii. Jambo hili si dogo. Kama fomula inadanganya, tuiache. Kama haidanganyi, inatupasa kujua ni pahali gani inasema kweli. Tumeona vema kujibu kwa hesabu.

1. Fomula inasema nini

Jambo la degre 45 ni la zamani. Tartaglia, fundi wa hesabu wa Italia, aliliandika mwaka 1537, na Galileo akalihakikisha kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1638. Sisi tunaliandika hivi, R ikiwa urefu wa safari, v mbio ya kuanza, na α pembe:

R = v² · sin 2α / g

Tutwae mufano mumoja na tuufuate mpaka mwisho. Kipa mwenye nguvu anapiga mupira kwa mbio ya mita 30 kwa segonde. Kwa degre 45, fomula inatupa 900 / 9,8, ndiyo karibu mita 92.

Sasa tuangalie pembe mbili zinazokaa mbali sawasawa na 45, moja chini na moja juu: 35 na 55. Kwa degre 35, mupira unakwenda mbele kwa mbio ya 24,6 m kwa segonde na unakaa juu segonde 3,5. Kwa degre 55, unakwenda mbele polepole zaidi, 17,2 m kwa segonde, lakini unakaa juu segonde 5. Mara mukifanya mara (mbio kwa wakati), zote mbili zinatoa mita 86. Mumoja ana mbio, mwingine ana wakati, na wanafika pahali pamoja.

Hivi njo ilivyo kwa kila jozi: 30 na 60, 40 na 50, zote ni sawa. Degre 45 iko katikati ya jozi zote, kama vile kilele cha nyumba kati ya pande mbili za paa. Basi swali letu linakuwa rahisi: hewa ikiingia, jozi zinabaki sawa ao zinaachana?

2. Hewa inachukua kiasi gani

Mutu akienda kwa kinga polepole, haisikii hewa. Akishuka mulima kwa mbio, hewa inamusukuma kifuani. Kwa kitu kama mupira, mbio ikiongezeka mara mbili, hewa inazuia karibu mara ine; ikiongezeka mara tatu, inazuia mara tisa.

Mupira wa kawaida una uzito wa gramu 430 hivi na upana wa santimeta 22. Kwa mupira wa namna hii, hesabu inaonyesha kwamba kwa mbio ya 10 m kwa segonde, hewa inapunguza mbio karibu 1 m katika kila segonde. Kwa 20 inapunguza 4. Kwa 30 inapunguza 9. Kumbukeni kwamba dunia yenyewe inavuta kwa 9,8. Maana yake, mupira ukitoka ku muguu wa kipa, hewa inauzuia karibu sawa na vile uzito wake unavyouvuta chini. Na ku tabulo tulisema hewa ni kitu cha kuacha!

Fomula fupi kwa jambo hili hakuna. Tunakata safari vipande vidogo vya segonde moja kwa kumi, na katika kila kipande tunatoa kile hewa na dunia wanachochukua. Kwa degre 45, mupira unaanza na 21,2 mbele na 21,2 kwenda juu. Ile 9 ya hewa inagawanyika: 6,4 inarudisha nyuma na 6,4 inashusha chini. Basi kiisha sehemu ya kumi ya segonde, mbio ya mbele imeshuka mpaka 20,6. Mbio ya kwenda juu imepoteza 0,64 kwa hewa na 0,98 kwa dunia, imebaki 19,6. Tunahesabu nguvu mupya ya hewa na kuendelea vile mpaka mupira unagusa chini. Ni kazi ya uvumilivu, lakini si ngumu. Tumefanya vipande vidogo zaidi kusudi hesabu iwe safi, na matokeo ni haya:

Degre 35: bila hewa 86 m, na hewa 55,1 m
Degre 40: bila hewa 90 m, na hewa 56,2 m
Degre 45: bila hewa 92 m; na hewa 55,8 m
Degre 55: bila hewa 86 m, na hewa 51,2 m

Muone kwanza ginsi hewa imekula zaidi ya mita 30. Kiisha muangalie jozi yetu. Zamani 35 na 55 zilikuwa sawa, sasa ya chini imeshinda kwa mita 4. Paa limeinama upande mumoja, na kilele chake kimesogea pamoja nalo: kiko karibu na degre 41.

3. Sababu yenyewe

Juu ya nini hewa inaonea pembe ya juu kuliko pembe ya chini? Mutu atasema: "Kwa sababu mupira wa juu unakaa ndani ya hewa wakati murefu." Ni kweli: segonde 4,3 kwa degre 55, na 3,1 tu kwa degre 35. Lakini tusiishie pale.

Mupira una mbio mbili, ya kupanda na ya kwenda mbele. Mbio ya kupanda ikiisha, dunia inaurudishia mupira mbio nyingine ya kushuka. Lakini mbio ya mbele hakuna wa kuirudisha. Kila kidogo hewa inachukua, kimekwenda kabisa. Ni kama mutu mwenye feza ya safari pasipo mushahara: kila siku anayokaa njiani mufuko unapunguka.

Sasa, pembe ya juu inategemea nini? Inategemea wakati. Inasema: "Ninakwenda mbele polepole, lakini nitakaa juu siku nyingi." Basi hewa inaharibu kile kitu kinachomusaidia. Zile segonde za mwisho alizotumainia zinamukuta mbio ya mbele imekwisha kupunguka: kwa degre 55 inatoka 17,2 na kufika chini ikiwa 8,4 tu. Segonde ya mwisho inamupa mita 9 hivi, na zamani ingemupa 17. Pembe ya chini inafanya sehemu kubwa ya safari yake mapema, wakati mbio ingali nzuri. Ile njo sababu.

Alama yake inaonekana kwa macho. Bila hewa, mupira unashuka sawa na vile ulivyopanda. Na hewa, ule wa degre 45 unapanda kwa kupita mita 31 mbele, lakini unashuka kwa mita 25 tu, na unagusa chini kwa pembe ya degre 57 hivi. Simameni kando ya kiwanja, si nyuma ya kipa, na mutaona: unapanda kwa mulalo, unaanguka kama umekatwa.

4. Kujaribu wenyewe

Wengi watataka kutafuta kile kilele cha 41. Tunawashauri wasifanye vile. Kati ya 40 na 45 tofauti haifiki nusu mita, na muguu wa mutu hauwezi kupiga mara mbili sawasawa. Kitu cha kupima ni jozi, sababu pale tofauti ni kubwa.

Mufunge manati ku ubao, na ubao muuweke kwa pembe mukitumia raporteri. Kila mara muvute mpaka alama moja. Mutupe jiwe dogo mara tano kwa degre 35, na mara tano kwa 55, na mupime. Kiisha mufanye vile kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa duara. Mawe ya jozi yataanguka karibu pahali pamoja, kwa maana hewa haiwezi kuzuia sana kitu kizito na kidogo. Karatasi ya degre 35 itapita ya degre 55 kwa wazi.

Mujiangalie na mambo mawili. Musifanye siku ya upepo. Tena manati ikae karibu na chini. Mukitupa kutoka ku meza, pembe ya chini itashinda hata bila hewa, kwa sababu kitu kinashuka chini ya pale kilipoanzia. Ile ni sababu nyingine, na njo inayowahusu watupaji wa tufe la chuma la kilo 7,26: wanaliachilia kwa kimo cha mabega na zaidi, na hewa hailizuii karibu hata kidogo.

5. Hewa nyepesi juu

Mutu asijifunze sasa kwamba pembe nzuri iko siku zote chini ya 45. Mwaka 1918 Wadachi walipiga muji wa Paris kwa muzinga kutoka mbali ya kilometa 120 hivi. Muzinga ule uliinuliwa kupita degre 50. Juu ya nini? Kwa sababu risasi yake ilipanda karibu kilometa 40, na kule juu hewa ni kidogo sana. Ilikuwa faida kutoka haraka katika hewa nzito ya chini na kusafiri pale juu. Mupira wetu haupandi hata mita 25, kwake hewa ni ileile kila pahali.

Basi tunajibu wabishani. Mutihani ukisema hewa haihesabiwi, andikeni 45, ni kweli. Ku kiwanja, pembe nzuri kwa mupira ni karibu 41, lakini faida yake ni nusu mita tu. Kama kipa wenu anapita wengine kwa mita kumi, musisifu pembe yake. Pengine ni kwa kuwa muguu unapiga kwa nguvu zaidi ukipiga chini kidogo, na pengine mupira wake unazunguka na kubebwa na hewa, jambo ambalo hesabu yetu haikuliingiza. Mupime mbio yake kwanza.