Tao Lililofifia Pichani

Mpwa wangu alinitumia picha ya ukurasa wa kitabu cha hisabati, ameipiga usiku kwa simu, kivuli cha mkono wake kikiwa kimelala juu ya mchoro. Palikuwa na pembetatu ABC, na nukta D juu ya mstari AC. Swali lilitaka ukubwa wa pembe A, na mchoro haukuwa na namba hata moja.

Mchoro wa namna hii hujieleza kwa alama. Vistari vidogo vinavyokatiza mistari huonyesha urefu ulio sawa. Hapa AD, BD na BC zilikuwa na kistari kimoja kila moja, kwa hiyo zote tatu zinalingana. Tao hufanya kazi hiyo kwa pembe: kona zenye tao la aina moja zina pembe sawa. Tao moja lilikuwa kwenye C, lingine kwenye B.

Kwenye B ndipo penye mtego, maana hapo hukutana mistari mitatu: BA, BD na BC. Tao likianzia BC na kukomea BD, pembe inayotajwa ni DBC. Likivuka BD mpaka BA, ni pembe ABC. (Herufi ya katikati ndiyo kona yenyewe.) Mpwa wangu aliliona likikomea BD.

Tuite pembe A x. Kwa kuwa AD ni sawa na BD, pembe ABD nayo ni x, na pembe BDC, iliyo nje ya pembetatu ABD, ni 2x. BD ni sawa na BC, basi C pia ni 2x. Kwa usomaji wa mpwa wangu, DBC nayo ni 2x. Pembe tatu za BDC zinakuwa sawa, kila moja nyuzi 60, na x ni 30. Lakini tao likifika BA, ABC yote ndiyo 2x. Hapo x + 2x + 2x = 180, na x ni 36.

Majibu yote mawili yanajumlika vizuri, kwa hiyo hesabu peke yake haimfichui aliyekosea. Kipimapembe nacho hakifai, kwa sababu picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu hupotosha pembe na urefu. Kinachobaki salama ni mpangilio: D bado iko kati ya A na C. Ila dalili moja ilinitia shaka. Pembe za BDC zikiwa sawa, DC nayo ingelingana na BC, lakini haikuwa na kistari.

Nilimwomba apige tena asubuhi karibu na dirisha, simu ikiwa juu ya ukurasa moja kwa moja. Tao lilivuka BD likagusa BA.