Litre ya tatu: ndugu wanapoomba mafuta bila kulipa

Wanamemba wengi wametuuliza swali moja: nimeanza kuuza mafuta ya mawese, sasa ndugu wote wanakuja na chupa tupu, nifanye nini? Tuanze kwanza na kaye, maana bila hesabu hata wewe mwenyewe haujui unaweza kutoa nini.

Tuseme mama mmoja ananunua bidoni ya litre 20 kwa franga 50 000, na usafiri 2 000. Bidoni imemgharimu 52 000. Anauza litre moja 3 000. Akiuza zote anapata 60 000, faida ni 8 000. Akimpa shangazi litre moja, faida inabaki 5 000. Akimpa shemeji ingine, inabaki 2 000. Litre ya tatu ikitoka bure, anauza 17 tu, anapata 51 000. Hapo franga ya kununua bidoni ingine haitoshi tena. Ndugu haoni hayo. Yeye anaona bidoni imejaa.

Kwa hiyo, mbele ya kufungua bidoni, bwana na bibi wapatane: litre moja ni ya jamaa. Waitie kando katika chupa yake na kuiandika katika kaye kama matumizi ya nyumba. Mgonjwa na wenye kilio wanatangulia. Ikiisha, wanangoja bidoni ingine.

Mzee akija wakati wateja wapo, usimkatalie mbele yao. Mpe kiti, maliza kuuza, kisha umwambie polepole: «Baba mudogo, ile ya jamaa ya juma hili imeisha. Hii ingine ni franga ya kurudi sokoni.» Wengine wanamwonyesha kaye, na mara nyingi mzee mwenyewe anaanza kuwatuliza wengine.

Deni ni gumu kuliko zawadi. Ndugu mwenye deni anaanza kupita njia ingine, hata kwenye kilio hafiki, kwa sababu ya haya. Ndiyo maana tunasema: kama huwezi kuipoteza franga hiyo, usiikopeshe. Mpe kidogo kama zawadi, bila kuandika deni. Akitaka nyingi, mwalike aingie katika kikundi cha akiba. Huko anakopa kwa sheria ya wote, na kuna pia kisanduku cha kusaidiana kwa ugonjwa na kilio.

Lakini kuna ndugu mmoja wa kumtenga na hao: yule aliyekupa franga ya kuanza. Yeye haombi, anadai. Kaa naye mapema, mbele ya shahidi, muulize kama ilikuwa zawadi, deni au sehemu ya biashara, na muandike. Kama ni deni, mlipe kidogo kidogo kila bidoni inapoisha, hata franga 1 000, na atie sahihi kila mara.