Kipande Kimoja, Vyanzo Viwili: Ozoni Inavyofichua Umbo la Mpira na Mafuta ya Ngozi

Tazama ubavu wa tairi kuukuu la gari lililoegeshwa nje muda mrefu. Utaona nyufa ndogo ndogo zilizokingama na upande ambao mpira umevutwa. Wengi husema ni jua, na kweli jua huharibu mpira, lakini nyufa za mpangilio huo ni kazi ya ozoni. Hii ni gesi yenye atomi tatu za oksijeni, na imo katika hewa tunayovuta kwa kiasi kidogo sana, kwa kawaida makumi machache ya sehemu katika bilioni. Gesi hiyo hiyo hushambulia mafuta yaliyo juu ya ngozi ya binadamu. Kwenye mpira na kwenye ngozi pia huacha kipande cha aina moja, molekuli yenye kaboni tano iitwayo aldehidi ya levulini. Ukielewa kwa nini kipande ni kile kile, umeelewa jinsi wanakemia wanavyosoma umbo la molekuli kutokana na mabaki yake.

Ozoni hutafuta mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa bondi maradufu, yaani pale zinapochangia jozi mbili za elektroni badala ya moja. Kampaundi zenye bondi ya namna hiyo huitwa alkeni. Ozoni hujibandika juu ya bondi hiyo, molekuli hujipanga upya kuwa kitu kinachoitwa ozonidi, na ozonidi ikivunjwa, kaboni mbili zilizokuwa pamoja huachana kabisa. Kila moja huondoka na atomi ya oksijeni iliyoshikwa kwa bondi maradufu. Kaboni iliyokuwa na haidrojeni moja huwa aldehidi. Iliyokuwa imeshikwa na kaboni nyingine mbili huwa ketoni. Iliyokuwa mwishoni kabisa, ikiwa na haidrojeni mbili, hutoka kama formaldehidi. Sehemu nyingine za mnyororo kwa kawaida hubaki zilivyokuwa.

Kwa hiyo njia ya kurudi nyuma ni nyepesi kuieleza. Chukua vipande, tafuta kila kaboni iliyoshika oksijeni kwa namna hiyo, futa oksijeni, kisha unganisha kaboni hizo mbili mbili kwa bondi maradufu. Ukipata asetoni na formaldehidi peke yake, kwa mfano, jibu ni moja tu: bondi ilikuwa kati ya kaboni yenye methili mbili na kaboni ya mwisho. Wanafunzi wengi huishia hapo. Ugumu huanza vipande vinapokuwa na oksijeni pande zote mbili, na ndipo mpira unapoingia.

Kwanza tuingie maabara kidogo, kwa sababu jibu sahihi hutegemea kazi safi. Alkeni huyeyushwa katika kiyeyushi kama diklorometani, chupa ikawekwa ndani ya asetoni yenye barafu kavu, karibu nyuzi 78 chini ya sifuri. Ozoni hupitishwa mpaka myeyusho ugeuke buluu hafifu. Rangi hiyo ni ya ozoni iliyobaki bila kazi, hivyo ndiyo dalili kwamba bondi zimekwisha. Ozoni ya ziada hufukuzwa kwa naitrojeni au oksijeni mpaka rangi ipotee, halafu huongezwa kitu cha kuondoa oksijeni iliyozidi, kama zinki na asidi ya asetiki, au dimethili salfaidi. Hatua hii ikirukwa au ikifanywa nusu, mambo mawili hutokea. La kwanza ni hatari: ozonidi na perokisidi zilizobaki zinaweza kulipuka zikikaushwa, ndiyo maana karatasi ya iodidi na wanga hutumika kuzipima kabla ya kugusa moto; ikigeuka buluu iliyokolea, kazi haijaisha. La pili hupotosha hesabu: aldehidi hugeuka asidi, na msomaji wa vipande huanza kuona asidi ambazo hazikutoka moja kwa moja kwenye mkato.

Hapo ndipo watu huzichanganya alkeni na ndugu zake, yaani alkaini, ambazo kaboni zake mbili zimeshikana kwa bondi mara tatu. Zikikatwa na ozoni, kisha zikapewa maji, kila upande hutoa asidi ya kaboksili. Tuseme umepata asidi ya propanoiki peke yake. Inaweza kutoka kwa alkaini ya kaboni sita yenye bondi katikati, C6H10. Inaweza pia kutoka kwa alkeni ya umbo hilo hilo, C6H12, iliyomaliziwa kwa perokisidi ya haidrojeni. Vipande ni vile vile. Kinachoamua ni fomula ya kampaundi ya mwanzo, na haidrojeni mbili tu ndizo zinazotofautisha.

Sasa tuje kwenye mpira. Carl Harries, mwanakemia Mjerumani aliyefundisha Kiel, ndiye aliyeifanya ozoni kuwa chombo cha kweli cha kusomea molekuli mwanzoni mwa karne ya 20. Alipitisha ozoni kwenye mpira wa asili ulioyeyushwa, akaivunja ozonidi kwa maji, akapata aldehidi ya levulini pamoja na asidi ya levulini. Asidi hiyo ilikuwa aldehidi ile ile iliyopata oksijeni ya ziada njiani, kosa lile tulilolitaja hapo juu. Kipande chenyewe huandikwa hivi: CH3-CO-CH2-CH2-CHO. Upande mmoja ni ketoni, upande wa pili ni aldehidi.

Kila kipande kina ncha mbili zilizokatwa, kwa hiyo kila kimoja kilikaa kati ya bondi maradufu mbili. Ungeweza kufikiri kwamba ncha hizo ziliunganishwa ovyo, ketoni kwa ketoni au aldehidi kwa aldehidi. Hesabu ya kaboni tano inatoa jibu zuri zaidi. Mpira umejengwa kwa vipande vidogo vya isoprini, C5H8. Kama vipande hivyo vingepangwa kichwa kwa kichwa, mkato ungetoa ketoni mbili katika molekuli yenye kaboni sita. Kama mkia kwa mkia, ungetoa aldehidi mbili katika molekuli yenye kaboni nne. Kilichotawala ni kipande chenye kaboni tano, ketoni huku na aldehidi kule. Hivyo isoprini zimepangwa kichwa kwa mkia, moja baada ya nyingine. Usomaji huo umesimama mpaka leo.

Harries alikwama kwenye swali lililofuata: mnyororo unaishia wapi? Mnyororo wenye mwanzo na mwisho ungetoa vipande viwili tofauti, vilivyokatwa upande mmoja tu. Yeye hakuviona. Akahitimisha kwamba mnyororo umejifunga, na mwaka 1905 akapendekeza pete ya kaboni nane iliyotengenezwa na isoprini mbili, pete nyingi zikiwa zimeshikamana kwa nguvu hafifu. Kwa ushahidi aliokuwa nao, hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Pete ikikatwa kwenye bondi zake mbili hutoa aldehidi ya levulini mbili na si kitu kingine. Mnyororo mrefu wenye maelfu ya isoprini hutoa karibu kitu kile kile, kwa kuwa ncha mbili kati ya maelfu ya vipande hazionekani kwa vipimo vya siku zile.

Mwanakemia mwingine, Hermann Staudinger, ndiye aliyelitatua swali hilo, na hakutumia ozoni. Alijaza haidrojeni kwenye bondi maradufu za mpira. Kama Harries alikuwa sahihi, nguvu iliyodaiwa kuzishika pete ingetoweka pamoja na bondi hizo, na kingebaki kimiminika chepesi kinachochemka kwa urahisi. Kilichobaki kilifanana na mpira wenyewe, kizito, kisichokubali kuchemka bila kuharibika. Mwaka 1922 Staudinger alieleza mpira kuwa molekuli kubwa ya mnyororo mrefu, na mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia. Nidhamu ya kurudi nyuma inaonekana hapa: vipande huonyesha palipokatwa, lakini ukubwa wa kitu kizima hutafutwa kwa kipimo kingine.

Linganisha na skwaleni, mafuta ambayo ni zaidi ya asilimia 10 ya mafuta yanayotolewa na tezi za ngozi yetu. Fomula yake ni C30H50 na ina bondi maradufu sita. Ukizikata zote unapata vipande saba: asetoni mbili, aldehidi ya levulini nne, na kipande kimoja cha kaboni nne chenye aldehidi pande zote, kiitwacho aldehidi ya suksini. Hesabu kaboni: sita, na ishirini, na nne, jumla thelathini. Hesabu imefunga. Asetoni ina mkato mmoja tu, kwa hiyo asetoni mbili ndizo ncha mbili za mnyororo, kitu ambacho Harries hakuwahi kukipata kwenye mpira. Aldehidi ya suksini inaonyesha kwamba mahali pamoja isoprini zimegeuka na kukutana mkia kwa mkia. Je, mahali hapo ni katikati? Vipande saba havisemi. Mpangilio wowote wa zile aldehidi nne pande mbili za kipande hicho ungetoa orodha ile ile. Ili kujua, ozoni hupewa kidogo makusudi ili ikate bondi chache tu, na vipande vikubwa vinavyobaki huhifadhi mfuatano.

Juu ya ngozi, ukataji huo wa nusu hutokea wenyewe kila siku. Mwaka 2010 watafiti Armin Wisthaler na Charles Weschler walichapisha vipimo vya hewa ya chumba chenye watu kilichoingizwa ozoni. Ozoni ilipungua, na hewani zikaonekana asetoni, ketoni mbili kubwa zaidi zilizobeba isoprini ambazo hazijakatwa, na aldehidi ya levulini. Anayejua kurudi nyuma atatambua skwaleni bila kumgusa mtu yeyote ndani ya chumba. Jambo la afya liko papo hapo: molekuli zenye oksijeni pande mbili, kama aldehidi hiyo, zinashukiwa kuwasha njia za hewa, na ozoni yenyewe huwadhuru wagonjwa wa pumu kwa kushambulia mafuta na protini zinazofunika njia hizo.

Mashine zinazouzwa kwa ahadi ya kusafisha hewa ya chumba kwa ozoni hufanya kazi ile ile ndani ya nyumba. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imekwisha kuonya kwamba katika viwango visivyodhuru afya ozoni haiondoi uchafu wa hewa ipasavyo. Ukiwa nayo, usiiwashe chumbani walimo watu, hasa watoto na wenye pumu. Fungua madirisha badala yake, na unaponunua kifaa kingine cha kusafishia hewa, soma maelezo yake uhakikishe hakitoi ozoni.