Masta au Cheti Kingine?

Tumchukue mhandisi wa usalama wa mifumo katika benki moja ya Nairobi. Ana miaka minane kazini, cheti cha CISSP anacho, na sasa anakitamani kiti cha mkuu wa usalama wa taarifa. Benki zina kiti hicho kwa sababu mwaka 2017 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo unaozitaka ziwe na afisa wa namna hiyo. Je, arudi chuoni, au aongeze vyeti?

Cheti kingine cha kiufundi, kwa maoni yangu, hakitamsogeza. Kuziba tundu anajua. Asichozoea ni kuwaeleza wakurugenzi kwamba tundu hilo linaweza kuigharimu benki kiasi gani. Hapo ndipo CISM, cheti cha ISACA, kinapofaa. Mtihani wake una maswali 150 kwa saa nne, na mafundi hodari huanguka kwa sababu ya uhodari wao. Mfano: seva ya malipo imekutwa na udhaifu mkubwa, meneja aanze na nini? Fundi atachagua kuiwekea kiraka usiku huohuo. Jibu linalotafutwa ni kupima kwanza athari kwa biashara, maana seva ikizimwa mwisho wa mwezi, mishahara ya watu inakwama.

Lakini kuna mtego. Kufaulu mtihani si kupewa cheti. CISM inadai miaka mitano ya uzoefu, na mitatu kati yake iwe ya kusimamia usalama wa taarifa. CISSP humpunguzia miaka miwili ya uzoefu wa jumla, ila ile mitatu ya usimamizi haiguswi, na hata masta haiifuti. Akishafaulu ana miaka mitano ya kuomba cheti. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, amwombe bosi wake ampe rejista ya hatari aisimamie, au bajeti ndogo, na ateuliwe kwa barua.

Masta ina zamu yake. Akusanye matangazo kumi ya kazi anayoitaka na asome mstari wa elimu. Panapoandikwa kuwa shahada ya uzamili ni faida ya ziada, aanze na CISM. Panapoandikwa ni lazima, kama ilivyo katika nafasi nyingi za juu za mashirika ya umma, jina lake litakatwa kabla hajaitwa kwenye usaili, awe na vyeti vingapi. Hapo asome, na ningemshauri achukue usimamizi wa biashara: masta ya usalama wa mitandao itarudia mengi ambayo CISSP ilishamfundisha.

Aulize pia kuhusu tasnifu. Wengi wanaosoma jioni humaliza madarasa vizuri, kisha wakakaa miaka wakimsubiri msimamizi asome sura ya pili. Kabla ya kulipa ada, awatafute waliomtangulia katika programu hiyo na awaulize walikabidhi lini.